Chati Tatu na Maneno ya Chini Yake

Watu wanaoandika ripoti za miradi ya lishe hutumia wiki nzima kusaka takwimu na dakika tano kuandika maneno yanayokaa chini ya chati. Msomaji wa upande wa pili, yule aliyetoa fedha, hufanya kinyume chake. Anafungua ripoti, anatazama chati, anasoma ule mstari mmoja wa chini, na kutokana na mstari huo anaamua kama kurasa nyingine ishirini anaziamini au hazimhusu. Mwaka ukipita, chati hiyohiyo hukatwa na kubandikwa kwenye ripoti ya mtu mwingine, na maneno yake huenda nayo hata kama maelezo mengine yote yamebaki nyuma.

Tuchukue mradi mmoja wa mfano, tuuweke katika vijiji vya mkoa wa Dodoma. Takwimu zake nimezitunga kwa ajili ya makala hii, ila makosa yake si ya kutunga. Ni yale yanayojirudia katika ripoti za namna hii. Mradi ulifanya utafiti wa awali Februari 2023 na utafiti wa mwisho Julai 2025. Katikati, wahudumu wa afya ngazi ya jamii walifundisha wazazi kuhusu ulishaji wa watoto, kaya zikapewa kuku wa kienyeji wa kuanzia, na watoto wakawa wanapimwa kila robo mwaka katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Ripoti ya mwisho ina chati tatu: udumavu, mchanganyiko wa vyakula anavyokula mtoto mdogo, na idadi ya watoto waliogundulika na utapiamlo mkali.

Chati ya kwanza ina nguzo mbili. Ya mwanzo inasema asilimia 38, ya mwisho asilimia 35. Rasimu ya kwanza ya maelezo yake ilisomeka hivi: “Udumavu wapungua kutokana na mradi.” Maneno matano tu, na mawili kati yake, “wapungua” na “kutokana”, hayana ushahidi.

Mtoto huhesabiwa kuwa amedumaa pale urefu wake unapokuwa zaidi ya mikengeuko sanifu 2 chini ya kiwango cha kati cha watoto wa umri na jinsia yake. Kiwango hicho kilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kufuatilia watoto waliolelewa katika mazingira mazuri nchini Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Hata katika jamii yenye afya njema, watoto wawili hivi katika kila mia huangukia chini ya mstari huo kwa maumbile yao tu. Wanapofika 38 katika mia, hayo si maumbile tena.

Sasa tazama idadi ya waliopimwa. Februari 2023 walikuwa watoto 412, na 157 kati yao walikuwa wamedumaa. Julai 2025 walikuwa 405, waliodumaa 142. Hawa si watoto wote wa vijiji hivyo, ni sampuli. Timu hiyohiyo ingerudi kesho yake na kuchagua kaya nyingine kwa bahati nasibu, isingepata 38 kamili. Ingeweza kupata 35, ingeweza kupata 41. Tena watoto hawakuchaguliwa mmojammoja kutoka wilaya nzima. Vilichaguliwa vijiji kwanza, kisha kaya ndani ya kijiji. Watoto wa kijiji kimoja hunywa maji ya kisima kimoja na hupita njaa moja, kwa hiyo hufanana, na watoto 405 wanaofanana hutoa habari ndogo kuliko 405 waliotawanyika. Ukizingatia hilo, kila nguzo ina wigo wa pointi 6 hivi juu na chini yake. Ile ya 38 yaweza kuwa popote kati ya 32 na 44. Ile ya 35, kati ya 29 na 41. Tofauti ya pointi 3 kati yake ina wigo wa pointi 8 kila upande. Huenda udumavu ulishuka kwa pointi 11. Huenda ulipanda kwa 5. Sampuli hii haiwezi kutuambia ni lipi.

Mchoraji alikuwa ameongeza balaa jingine: mhimili wa wima ulianzia 30 badala ya sifuri. Hapo nguzo ya 38 ina kimo cha hatua 8 na ya 35 ina hatua 5, na jicho linaona anguko la zaidi ya theluthi moja. Hakuna tarakimu iliyobadilishwa, lakini picha imesema uongo.

Swali linalofuata ni kwa nini mradi uliofanya kazi kweli haukuonyesha anguko kubwa. Jibu liko katika umri wa watoto waliopimwa. Udumavu hujengeka hasa tangu mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Mtoto wa miaka minne aliyepimwa Julai 2025 alizaliwa mwaka 2021, akafunga siku zake elfu moja za mwanzo wakati mradi ndio kwanza unasajili kaya. Kumhesabu yeye kama tokeo la mradi si haki kwa mradi, na kumtoa kimyakimya kwenye hesabu si haki kwa mfadhili. Njia iliyo wazi ni kuonyesha nguzo ya watoto wote, kisha pembeni kuonyesha walio chini ya miaka miwili peke yao, huku ikielezwa kwamba kundi hilo ni dogo na wigo wake ni mpana zaidi.

Inasaidia pia kukumbuka mwendo wa nchi. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta asilimia 34 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa; ule wa 2022 ukakuta 30. Ni pointi 4 katika miaka zaidi ya sita. Mpango wa mradi wetu uliahidi kushuka kutoka 38 hadi 30, yaani pointi 8 katika muda usiofika miaka miwili na nusu. Aliyeandika lengo hilo aliandika kumpendeza mtoa fedha, na sasa anayeandika ripoti ndiye anayelipa deni.

Kuna kosa jingine ambalo chati haiwezi kulionyesha kabisa, nalo ni la umri. Mvulana wa miezi 20 mwenye urefu wa sentimita 80 hajadumaa, kwa kuwa mstari wake wa chini ni sentimita 78.6. Mama akiulizwa umri bila kadi ya kliniki akajibu “ana miaka miwili”, mpimaji akaandika miezi 24, mtoto yuleyule anakuwa chini ya mstari, ambao kwa umri huo uko karibu na sentimita 81. Ukiona kwenye daftari la data watoto wengi mno wamerundikana kwenye miezi 12, 24, 36 na 48, jua umri ulikadiriwa. Na kama utafiti wa awali ulikadiria lakini wa mwisho ulisoma kadi, sehemu ya mabadiliko imetoka kwenye kadi. Jambo hili haliingii kwenye maelezo ya chati, ila sentensi moja ya “tarehe ya kuzaliwa ilithibitishwa kwa kadi kwa watoto wangapi” inaingia.

Baada ya kuyapima hayo yote, maelezo yaliandikwa upya:

“Chati 1. Udumavu kwa watoto wa miezi 0–59 ulikuwa asilimia 38 Februari 2023 (watoto 412) na asilimia 35 Julai 2025 (watoto 405). Mistari juu ya nguzo inaonyesha wigo wa uhakika wa asilimia 95. Tofauti hii ni ndogo kuliko inavyoweza kuthibitishwa kwa sampuli ya ukubwa huu. Lengo la asilimia 30 halikufikiwa.”

Mameneja wengi huifuta sentensi ile ya mwisho. Iache. Mfadhili ana jedwali la malengo mezani kwake, na akiigundua mwenyewe ataanza kutafuta nini kingine kimefichwa.

Chati ya pili ndiyo iliyofurahisha kila mtu ofisini. Inahusu watoto wa miezi 6 hadi 23 na kipimo chake ni rahisi kueleza: mama anaulizwa mtoto alikula nini jana, mchana na usiku, na majibu yanapangwa katika makundi 8. Makundi hayo ni maziwa ya mama, nafaka, mizizi na ndizi za kupika, kunde na karanga, maziwa ya mifugo na mazao yake, nyama na samaki, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi, na matunda na mboga nyingine. Aliyekula kutoka makundi 5 au zaidi amefikia kiwango cha chini cha mchanganyiko wa chakula. Mwanzoni walifikia watoto 22 kati ya 122, asilimia 18. Mwishoni walifikia 39 kati ya 119, asilimia 33. Nyongeza ya pointi 15 inazidi wigo wa kubahatisha, ingawa kwa wembamba sana. Rasimu ikasema: “Elimu ya lishe yaboresha mlo wa watoto karibu mara mbili.”

Hapa anayeijua Dodoma angesimama na kuuliza miezi. Mvua ya mkoa huu ni ya msimu mmoja. Huanza karibu na Desemba na kukoma Aprili, na mavuno huja Mei na Juni. Februari ghala limekwisha, shamba bado bichi, na kaya nyingi zinaishi kwa uji, ugali na mboga za majani. Julai kuna mahindi, uwele au mtama ndani, kuna karanga, kunde na choroko, na kuna fedha kidogo ya mazao yaliyouzwa. Tukiwapima watoto Februari na tena Julai, tungekuta mlo umeboreka hata kama mradi usingekanyaga hapo.

Je, chati haina maana basi? Ina maana, lakini inabidi ifumuliwe. Badala ya nguzo mbili, timu ilirudi kwenye madodoso na kuhesabu kundi moja moja la chakula. Kunde na karanga ziliruka kutoka watoto 41 hadi 74. Mayai, ambayo ndiyo mradi ulikuwa umeyagharimia kwa kugawa kuku, yalipanda kutoka watoto 11 hadi 17 tu. Nyama na samaki hawakusogea. Hadithi ikageuka: sehemu kubwa ya nyongeza imeletwa na kundi ambalo ndilo limetoka kuvunwa, na kundi lililobeba kazi ya mradi lilijikongoja.

Mtu anaweza kusikitika, lakini mimi naiona hii kuwa ndiyo taarifa ya thamani zaidi katika ripoti nzima. Kuku walikuwepo, mayai yalikuwepo. Swali ni yalikwenda wapi. Wahudumu walipouliza kaya, jibu halikuwa gumu: yai linauzwa gulioni, au linaachwa liatamiwe ili kuku waongezeke. Hayo ni maamuzi ya busara kabisa kwa kaya yenye kuku watatu. Aliyepanga mradi alifikiri kuku ni mayai kwa mtoto. Mwenye kuku aliona mtaji. Mfadhili anayejua hilo anaweza kuamua kitu kuhusu awamu ijayo. Mfadhili aliyeambiwa “karibu mara mbili” atagawa kuku tena.

Kuna tahadhari moja ya kiufundi ambayo haifai kurukwa. Kigezo cha makundi 5 kati ya 8 kiliwekwa katika mwongozo wa mwaka 2021. Kabla ya hapo kilikuwa makundi 4 kati ya 7, bila kuhesabu maziwa ya mama. Miradi iliyoanza zamani huwa na utafiti wa awali wa kigezo kimoja na wa mwisho wa kingine, na nguzo mbili husimama bega kwa bega kana kwamba ni ndugu. Dawa ni kurudi kwenye data za awali na kuzihesabu upya kwa kigezo kipya. Ikishindikana, nguzo hizo zisiwekwe kwenye chati moja.

Maelezo ya Chati 2 yakawa hivi:

“Chati 2. Watoto wa miezi 6–23 waliokula kutoka angalau makundi 5 kati ya 8 siku iliyotangulia mahojiano: 22 kati ya 122 (Februari 2023) na 39 kati ya 119 (Julai 2025). Utafiti wa awali ulifanyika msimu wa njaa na wa mwisho baada ya mavuno. Sehemu ya ongezeko inatokana na msimu. Ongezeko kubwa ni la kunde na karanga. Walaji wa mayai walikuwa 11, wakawa 17.”

Kama bado kuna muda kabla mradi haujafungwa, rudi Februari inayofuata ukapime tena. Itagharimu, lakini ni nafuu kuliko kubishania msimu kwa barua.

Chati ya tatu ilimtia hofu mkurugenzi. Inaonyesha robo nne za mwaka, Julai 2024 hadi Juni 2025, na idadi ya watoto ambao mzingo wa mkono wao wa juu ulisoma rangi nyekundu kwenye utepe, yaani chini ya milimita 115. Robo ya kwanza walikuwa 9. Robo ya nne walikuwa 19. Mstari unapanda, na kwa macho ya haraka mradi umeongeza utapiamlo mkali. Pendekezo lililotolewa kwenye kikao lilikuwa kuiondoa chati.

Kilichopanda zaidi ni upimaji wenyewe. Robo ya kwanza walipimwa watoto 610 waliofika kwenye siku ya lishe. Robo ya nne walipimwa 1,480, kwa sababu wahudumu walianza kupita nyumba kwa nyumba kuwafuata wasiokuja. Rejista za kaya zinaonyesha watoto wa umri huo ni kama 1,700, kwa hiyo waliofikiwa walitoka asilimia 36 hadi 87. Ukigawanya, waliokutwa na nyekundu ni asilimia 1.5 mwanzoni na asilimia 1.3 mwishoni. Hakuna kupanda hapo. Wala usiandike “imeshuka”. Tofauti ya watoto wachache namna hii haibebi neno hilo. Tena mtoto asiyeletwa kwenye siku ya lishe mara nyingi ndiye mwenye hali mbaya zaidi: mama yuko shambani mbali, mlezi ni bibi mgonjwa, au kaya inaona haya. Kundi la robo ya nne lina watoto wa namna hiyo ambao kundi la kwanza halikuwa nao, kwa hiyo hata zile asilimia mbili haziko sawa za kulinganishwa.

Mtego mwingine uko kwenye kujumlisha. Robo nne zilikuwa na watoto 610, 890, 1,220 na 1,480, na muhtasari wa ripoti ulitangaza “watoto 4,200 wamefikiwa” katika vijiji vyenye watoto 1,700. Hivyo ni vipimo 4,200. Mtoto mmoja aliyepimwa mara nne amehesabiwa kama watoto wanne. Kosa hili ni la kawaida mno, na mhakiki wa mfadhili hulikamata kwa kulinganisha tu na takwimu za sensa ya kata.

Chati ilichorwa upya ikiwa na vitu viwili: nguzo za waliopimwa kati ya watoto wote wa rejista, na juu yake tarakimu ya waliokutwa na nyekundu. Ikaongezwa hatua inayofuata, kwa sababu kumgundua mtoto na kumwacha nyumbani si huduma.

“Chati 3. Watoto wa miezi 6–59 waliopimwa mzingo wa mkono kila robo mwaka, kati ya takribani 1,700 waliosajiliwa. Waliopimwa walipanda kutoka 610 hadi 1,480 baada ya kuanza upimaji wa nyumba kwa nyumba. Waliokutwa chini ya milimita 115 walikuwa 9 robo ya kwanza na 19 robo ya nne. Ongezeko hili linafuata ongezeko la upimaji. Kati ya 19 hao, 16 walifika kituo cha afya na kuanzishiwa chakula dawa. Mtoto aliyepimwa zaidi ya robo moja anahesabiwa katika kila robo.”

Watatu wasiofika wanastahili aya yao kwenye maelezo marefu: wametoka kijiji gani, kituo kiko umbali gani, nani amewafuatilia. Hapo ndipo masimulizi ya ripoti yana kazi ya kweli. Chati imeshasema wangapi. Aya inasema kwa nini.

Tanzania ina historia ndefu ya takwimu za namna hii kutumika kwanza pale zilipopimwa. Mpango wa lishe wa Iringa, ulioendeshwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF na fedha za serikali ya Italia, ulianza na vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, na matokeo yakajadiliwa na kamati za kijiji kabla ya kupanda ngazi za juu. Kati ya 1984 na 1988 uzito pungufu ulishuka kutoka karibu asilimia 56 hadi 38. Wajumbe wale walitafuta sababu ya kila hali na kuchagua hatua ambayo kijiji kingeweza kuichukua chenyewe.

Kwa hiyo chati zile tatu zinahitaji maelezo ya aina ya pili, yatakayobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Hapo hakuna wigo wa uhakika wala asilimia, kwa kuwa kijiji kimoja kina watoto wachache na kila mmoja anajulikana. Majina hayaandikwi. Maelezo ya Chati 3 kwa kijiji kimoja kati ya hivyo yakawa haya: “Aprili hadi Juni tulipima watoto 142 kati ya 160. Wawili walikuwa kwenye nyekundu. Mmoja yuko kwenye matibabu. Mmoja hajafika kituoni. Ni kilomita 14 na hakuna usafiri. Watoto 18 hatujawapima, wengi wao wako kambi za mashambani.” Kikao cha kijiji kilichofuata kilijadili pikipiki.